Jinsi ya kuhakikisha jina la biashara na kikoa chake halina mwenyewe

Maswali mawili yanajirudia kila wiki. La kwanza: "Nimetafuta BRELA sijaliona, nichapishe mabango?" La pili: "Nimeandika anwani kwenye simu, tovuti haifunguki. Si ndiyo kusema liko wazi?" Jibu la yote mawili ni bado, subiri kwanza.

Jina moja huandikwa katika vitabu vinne tofauti, na vitabu hivyo havisomani. Kuna daftari la majina ya biashara, la kampuni, la alama za biashara na huduma, halafu daftari la vikoa, ambavyo wengi huviita domeni. Anayekuuzia kikoa haulizi kama jina hilo limesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. BRELA nao wakikupa cheti hawaangalii nani ana anwani ya co.tz. Nje ya vitabu vyote hivyo kuna mtaa, ambako mtu anauza kwa jina lile lile miaka sita Instagram bila karatasi hata moja. Kazi yako ni kupita kote huko kabla hujalipia chochote.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Walio Zanzibar, Kenya, Uganda na Rwanda wataona mwishoni sehemu zao zinapotofautiana. Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mtu wa Morogoro anataka kufungasha unga wa lishe na siagi ya karanga kwa jina "Mzambarau Foods". Mfano huu ni wa kufundishia tu, na matokeo tutakayoyataja ni ya kubuni.

## Andaa haya kwanza

- Majina matatu, usije na moja. Mwenye jina moja huanza kujitetea badala ya kupekua.
- Jedwali la Eksel au karatasi yenye safu nne: jina ulilotafuta, mahali ulipotafuta, ulichokiona, tarehe.
- Kompyuta ikiwezekana. Simu inatosha, ila kulinganisha kurasa mbili kwa simu ni mateso.
- Namba yako ya NIDA, kwa ajili ya kufungua akaunti ya mfumo wa BRELA utakapofika kwenye kusajili.
- Orodha ya bidhaa au huduma utakazouza sasa na ndani ya miaka mitatu hivi.
- Hela ya kikoa, iwe tayari kwenye simu au kadi. Sababu utaiona hatua ya nane.
- Saa tatu za utulivu, kwa mkao mmoja.

## Hatua kwa hatua

1. Kitoe kiini cha jina.

Ondoa maneno ambayo kila mtu anayo: Enterprises, Traders, Investment, Group, General Supplies, Company Limited, Foods, Tanzania, na jina la mji. Kinachobaki ndicho jina lenyewe. Kwenye "Mzambarau Foods" kinabaki "Mzambarau", na hicho ndicho utakachokitafuta.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mtu anaandika "Mzambarau Foods Morogoro" kwenye kisanduku, mfumo unasema hakuna, naye anafurahi. Kumbe huenda kuna "Mzambarau Products Limited", nayo ni ya unga. Msajili anaruhusiwa kukataa jina linalofanana mno na lililokwishasajiliwa, na kuongeza "Foods" au "Morogoro" hakulitenganishi jina lako na la mwenzako.

Ukiondoa maneno hayo ukajikuta huna kitu, mfano "Quality Foods Tanzania", basi umeshapata jibu. Jina hilo halina kiini. Hata likipita usajili, hutaweza kumzuia mtu mwingine kulitumia, kwa sababu ni maneno ya kawaida ya kuelezea bidhaa.

2. Andika ndugu wote wa jina hilo.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayookoa watu. Kompyuta hulinganisha herufi, lakini mteja hulinganisha sauti na kumbukumbu. Mteja aliyesikia "Mzambarau" redioni hataliandika kama ulivyoliandika wewe. Kwa hiyo kabla ya kutafuta popote, kaa na karatasi uandike:

*Umoja, wingi na mnyambuliko.* Mzambarau, mizambarau, zambarau. Mti, tunda na rangi vyote vimo. Kama jina lako ni "Mavuno", tafuta na "Vuna" na "Mvunaji".

*Jinsi watu wanavyolitamka.* Mzambarao, Msambarau, Zambarao. Kwa majina mengine angalia r na l (Barabara, Balabala), dh na z (Dhahabu, Zahabu), th na s (Thamani, Samani, ambayo kwa bahati mbaya ni neno jingine kabisa lenye maana ya fanicha), gh na g (Ghala, Gala), h inayomezwa au kuongezwa, na irabu mbili zinazoandikwa moja.

*Mtindo wa kuandika wa vijana wa mjini.* Herufi k inageuzwa c au q, s inageuzwa z, "wa" inakuwa "wah". Kwenye Instagram utakutana na hayo zaidi kuliko kwenye daftari la serikali.

*Kuunganisha na kutenganisha.* Jina la maneno mawili liandike kwa nafasi, bila nafasi, na kwa kistari. "Mapishi Bora", "Mapishibora" na "mapishi-bora" ni vitu vitatu mbele ya kompyuta, lakini mteja anasikia kitu kimoja.

*Tafsiri.* Kama jina lako ni "Simba Mweupe", tafuta "White Lion" pia. Maana ikiwa moja na bidhaa ikiwa moja, mteja anaweza kudhani ni kampuni ile ile iliyobadili lugha tu. Kwa "Mzambarau" tafsiri haina nguvu sana, lakini tafuta "Purple" ikifuatana na neno la chakula. Inachukua dakika moja.

Matano hadi nane yanatosha. Kwa mfano wetu tunabaki na haya: mzambarau, mizambarau, zambarau, mzambarao, zambarao, msambarau.

Sasa piga simu kwa mtu ambaye hajawahi kuliona jina hilo likiandikwa. Mtajie mara moja, mwambie aliandike na akutumie kwa ujumbe. Rudia kwa watu watatu. Wawili wakiandika "mzambarao", ujue hilo ni jina la kulipekua kwa uzito ule ule wa jina lako, na pengine la kulinunua kama kikoa cha pili.

3. Pekua daftari la majina ya biashara na la kampuni.

Nenda `ors.brela.go.tz`, mfumo wa usajili wa BRELA. Una sehemu ya utafutaji ya wazi isiyohitaji akaunti. Andika kiini peke yake, kisha kila ndugu wa jina. Hakikisha umetafuta pande zote mbili, majina ya biashara na kampuni, kwa sababu hayo ni madaftari mawili chini ya sheria mbili.

Kwa kila jina linalokaribia, nakili jina kamili, namba ya usajili, na kama ni biashara au kampuni. Piga skrinishoti. Usitegemee kukumbuka.

Jambo la kuzingatia: jina la biashara lililosajiliwa ni utambulisho wa anayefanya biashara, halimpi mtu umiliki wa neno lenyewe kama alama ya bidhaa. Umiliki wa namna hiyo unatoka kwenye daftari la hatua ya nne. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na cheti halali cha jina la biashara, akaandikiwa barua na wakili wa mwenye alama, na akalazimika kubadili vifungashio vyote.

Maneno kama "Benki" na "Bima" yaache kama huna kibali cha msimamizi wa sekta hiyo. Utafutaji hautakuonya, utakuja kujua ombi likirudishwa.

4. Pekua daftari la alama za biashara na huduma.

Hili nalo liko BRELA kwa upande wa Bara. Kabla ya kutafuta, jua daraja la bidhaa zako. Karibu dunia nzima alama hupangwa katika madaraja 45: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Unga, chai, kahawa na viungo viko daraja la 30. Siagi ya karanga iko daraja la 29, pamoja na nyama, maziwa na mafuta ya kula. Nafaka mbichi ambayo haijasagwa iko 31. Mgahawa ni 43, duka la kuuza bidhaa za watu ni 35, nguo ni 25, sabuni na vipodozi ni 3.

Mtu wetu wa Morogoro anapekua 29 na 30, kisha anaangalia 31, 35 na 43. Kwa nini aangalie hata asikofanya biashara? Kwa sababu mipaka ya madaraja si ukuta. Mteja akikuta mgahawa "Mzambarau" na unga "Mzambarau" atadhani mwenye mgahawa ameanza kufungasha unga. Lakini akikuta matairi ya "Mzambarau", hatafikiria hivyo. Isipokuwa jina liwe maarufu mno. Majina makubwa yanayojulikana na kila mtu usiyaguse hata kama bidhaa hazihusiani.

Halafu fungua `branddb.wipo.int`, hifadhidata ya alama ya WIPO, shirika la dunia la miliki ubunifu. Ni ya bure, na inaweza kutafuta kwa kufanana kwa sauti. Inakusanya alama za nchi nyingi, lakini usiifanye mbadala wa BRELA. Itumie kugundua kama jina lako ni chapa ya kampuni ya nje ambayo huenda ikaja sokoni kwako, au ambayo imeomba ulinzi kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, chini ya mkataba wake wa alama uitwao Itifaki ya Banjul, ambao Tanzania ni mwanachama wake.

Kumbuka mambo mawili ya muda. Alama ikisajiliwa Bara hudumu miaka 7, na ikihuishwa hupata miaka 10 mingine, tena na tena. Kwa hiyo chapa usiyoiona madukani siku hizi inaweza kuwa hai kabisa kwenye daftari. La pili, ombi jipya hutangazwa kwenye jarida la Msajili na watu hupewa siku 60 za kupinga. Ombi lililopelekwa juzi unaweza usilione leo. Ndiyo maana kabla ya kuchapisha vifungashio unarudia upekuzi, hata kama mwezi uliopita ulikuwa safi.

Kama unaweka mtaji mkubwa kwenye jina, mwombe Msajili upekuzi rasmi kwa ada, au mlipe wakala wa alama. Kwa genge au saluni ya mtaani, kujitafutia mwenyewe kunatosha.

5. Pekua kikoa.

Tovuti kutofunguka haimaanishi kitu. Kuna maelfu ya vikoa vilivyolipiwa ambavyo havina tovuti: mwenyewe anatumia barua pepe tu, au amekaa nacho akisubiri mnunuzi, au kimeisha muda na bado hakijaachiwa. Unayetakiwa kumuuliza ni mtunza daftari, achana na kivinjari.

Kwa .com, nenda `lookup.icann.org` uandike jina. Kwenye kompyuta ya Linux au Mac unaweza kuuliza moja kwa moja:

```
whois jinalako.com
```

Jibu la kikoa kisicho na mwenyewe huwa hivi:

```
No match for domain "JINALAKO.COM".
```

Kikiwa na mwenyewe utaona tarehe ya kusajiliwa (`Creation Date`), tarehe ya kuisha (`Registry Expiry Date`), msajili wake, yaani kampuni iliyokiuza, na hali yake (`Domain Status`). Jina la mmiliki mara nyingi limefichwa, usihangaike nalo. Tarehe ndizo zenye habari. Kikoa kilichosajiliwa mwaka 2009 na kinahuishwa kila mwaka kina mtu anayekijali.

Kwa .co.tz, mwulize mtunza wa .tz:

```
whois -h whois.tznic.or.tz jinalako.co.tz
```

Ukiona `no entries found`, hakimo kwenye daftari. Kama huna amri hiyo, mfano kwenye Windows au simu, tumia kisanduku cha kutafutia cha msajili yeyote wa .tz aliyeidhinishwa. Usitumie `nslookup` kama ushahidi wa mwisho. Yenyewe inaeleza kama kikoa kimeunganishwa na seva, na kikoa kinaweza kuwa na mwenyewe bila kuunganishwa popote.

Tafuta kila ndugu wa jina, kwa .co.tz na .com zote mbili. Mtu wetu anagundua kwamba mzambarau.co.tz haipo kwenye daftari, mzambarau.com inayo mtu, na zambarau.co.tz inayo mtu pia. Asichukue uamuzi bado. Aifungue hiyo zambarau.co.tz aone inauza nini. Kama ni wapaka rangi nyumba, tatizo ni dogo. Kama ni wasaga nafaka, tatizo ni kubwa kuliko lile la .com, kwa sababu wateja wao na wake wanaingia duka lile lile.

Kikoa kikiwa wazi, pitia `web.archive.org` uone kama kiliwahi kutumika. Kikoa kilichokuwa cha kamari au cha matapeli kinarithi sifa yake: barua pepe zako zinaweza kuishia kwenye taka za wateja, na huwezi kujua kwa nini.

6. Pekua mtaa.

Huku ndiko waliko wengi wasio na karatasi. Andika Google jina likiwa ndani ya alama za nukuu, ongeza bidhaa, kisha mji:

```
"mzambarau" unga
"zambarau" siagi ya karanga
"mzambarau" site:tz
```

Baada ya hapo ingia Instagram, TikTok na Facebook, tafuta kila ndugu wa jina. Usiishie kwenye akaunti yenye jina kamili. Tazama na zile zenye nukta, mstari wa chini au "_tz" mwishoni. Angalia chapisho la mwisho ni la lini, na kama picha zina lebo ya bidhaa. Kisha fungua ramani ya Google uandike jina pamoja na mji wako, halafu Dar es Salaam, Arusha na Mwanza.

Usisahau rafu. Kwa bidhaa za chakula, nusu saa kwenye duka la jumla itakuonyesha chapa ambazo hazina ukurasa wowote mtandaoni. Geuza mfuko, soma mzalishaji ni nani.

Tahadhari: ukurasa wa Instagram unaosema haupatikani hauthibitishi kwamba jina la akaunti liko huru. Akaunti inaweza kuwa imefungiwa, imesitishwa na mwenyewe, au amekuzuia. Njia ya uhakika ni kujaribu kulichukua unapofungua akaunti mpya.

7. Pima ulichokipata.

Sasa una jedwali. Kila jina lililokaribia lako liulize mambo matatu: linafanana kwa sauti, kwa macho au kwa maana? Bidhaa ni ileile au ya jirani? Mnunuzi ni yule yule, mahali pale pale?

Ndiyo mbili, achana na jina, nenda la pili kwenye orodha. Ndiyo moja, endelea kwa uangalifu. Usimpime mnunuzi kama mtu aliyesimama na mifuko miwili mkononi akilinganisha herufi. Mpime kama mama aliyenunua mara moja mwezi uliopita, amemtuma mtoto dukani, na mtoto anakumbuka "ule wa zambarau". Mtoto akirudi na mfuko wa mwenzako, majina yanagongana, sheria iseme itakavyosema.

Mbali na vile vikoa, mtu wetu amepata vitu vitatu. Kampuni "Mizambarau Hauliers Limited" ya usafirishaji: sauti inafanana, biashara haigusani, hapo ni ndiyo moja. Ukurasa wa Facebook "Zambarau Beauty" wenye chapisho la mwisho miaka minne iliyopita: ndiyo moja, tena dhaifu. Alama "ZAMBARAU" daraja la 30 kwa chai, iliyo hai: sauti ni ndiyo, bidhaa za jirani ni ndiyo, na mnunuzi ni yule yule wa dukani. Jina limekufa hapo. Kikoa chake kiko wazi, BRELA halina mpinzani upande wa majina ya biashara, na bado halifai. Anashika jina la pili na kurudi hatua ya kwanza. Inauma, lakini hajachapisha mfuko hata mmoja.

8. Likiwa safi, lichukue siku hiyo hiyo, kwa mpangilio huu.

Kwanza kikoa, kwa sababu kinapatikana ndani ya dakika chache na kwa gharama ndogo, na hakuna anayekuwekea. Pili majina ya akaunti za mitandao, ni bure. Tatu ombi la BRELA la jina la biashara au kampuni. Nne ombi la alama, hela ikiruhusu, kwa daraja lile moja au mawili unayouza kweli.

Kikoa kisajiliwe kwa jina lako au la kampuni, kwa barua pepe unayoimiliki. Fundi wa tovuti akikisajili kwa jina lake "kwa kurahisisha", kesho mkikosana anaondoka nacho, na kwenye daftari mmiliki ni yeye.

## Makosa yanayorudiwa sana

Kununua kikoa kwanza halafu kudhani umelipata jina. Mwenye alama anaweza kukudai kikoa. Kwa .com kuna utaratibu wa UDRP, uliopo tangu 1999, ambapo mlalamikaji anatakiwa kuonyesha kwamba jina linafanana na alama yake, kwamba wewe huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Skrinishoti zenye tarehe za upekuzi wako husaidia kuonyesha kwamba hukuwa na nia hiyo. Zitunze.

Kuongeza kistari au herufi moja ili kukwepa jina lililochukuliwa. Unampelekea mwenzako wateja wako, na barua pepe zako za oda pia, kila atakayesahau kistari.

Kulitangaza jina kwenye magrupu ya WhatsApp kuomba maoni kabla ya kuchukua kikoa. Waulize watu watano unaowaamini, inatosha.

## Ukikwama

*Mfumo wa BRELA hauleti chochote, hata kwa jina ninalojua lipo.* Jaribu na jina la kampuni kubwa unayoijua. Nalo lisipokuja, mfumo umelala, si kwamba jina liko wazi. Rudi baadaye, usiandike "safi" kwenye jedwali.

*Kampuni yenye jina hilo imefutwa.* Usilichukue kienyeji. Kampuni iliyofutwa inaweza kurejeshwa, na alama yake inaweza kuwa bado hai. Mwandikie Msajili uulize hali yake.

*Kikoa cha .com kimeisha muda lakini siwezi kukinunua.* Baada ya kuisha, msajili anaweza kukishikilia hadi siku 45. Kikifutwa huingia siku 30 za kukombolewa na mwenyewe (`redemptionPeriod`), halafu siku 5 za mwisho (`pendingDelete`), ndipo kinaachiwa. Kikiwa kizuri, mara nyingi hupigwa mnada na msajili kabla ya kufika huko. Usiijengee biashara yako juu ya kusubiri.

*.co.tz iko wazi, .com ina mtu.* Ikiwa mwenye .com yuko nje na biashara yake ni nyingine kabisa, na unauza nchini, endelea na .co.tz. Ikiwa anauza unachouza wewe, badili jina. Ikiwa ni ukurasa wa "kikoa hiki kinauzwa", mwache. Usioneshe hamu, bei hupanda.

*Mtu analitumia mtaani bila kusajili.* Unaweza kumtangulia kwenye karatasi, lakini aliyejenga jina kwa kulitumia anaweza kukupinga ndani ya zile siku 60, au kwenda mahakamani kudai unajipitisha kuwa yeye. Akiwa ana wateja na anauza kitu chako, chagua jina jingine.

*Niko nje ya Tanzania Bara.* Zanzibar ina wakala wake, BPRA, kwa majina na alama pia. Cheti cha BRELA hakivuki bahari, na cha BPRA hakivuki kurudi. Ukiuza pande zote mbili, pekua kote. Kenya, jina linatafutwa BRS kupitia eCitizen, alama ziko KIPI, na .co.ke iko chini ya KeNIC. Uganda, URSB ina majina na alama chini ya paa moja. Rwanda ni RDB. Hatua ya kwanza na ya pili hazibadiliki popote, isipokuwa orodha ya ndugu wa jina iongeze matamshi ya huko: jina lenye "r" likifika kwa wasemao "l", au lenye "ch" likifika kwa waandikao "c", litarudi likiwa jina jingine.